Suti ya ofisini kwenye joto la Pwani: sufu, TR, kitani au pamba, na bitana gani iwe ndani

Wateja wengi wanaokuja kushonesha suti ya kazini huanza na rangi, wakaja kwenye bei, na mwisho wakauliza kama kitambaa ni kizito. Bitana hawaiulizi kabisa. Fundi naye, kwa kuwa hajaulizwa, anaweka ile anayoiweka siku zote: poliesta laini inayong'aa, kutoka begani hadi kwenye pindo. Suti nyingi za mjini huharibikia hapo kwa mtu anayetoka jasho, hata pale kitambaa cha juu kinapokuwa kizuri.

Ulinganisho huu ni wa mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa. Ni yule anayepanda mwendokasi Kimara asubuhi, akashuka Posta mgongo umeshaloa, akaingia ofisi yenye kiyoyozi, na saa nane mchana akatoka tena kwenda kwa mteja. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Dar hufika nyuzi 31 au 32. Nyuzi hizo peke yake si nyingi. Kazi iko kwenye unyevu wa hewa: jasho halikauki, linabaki kwenye nguo. Dodoma ni habari nyingine. Kule hewa ni kavu, jasho hukauka haraka, na vitambaa vingi ninavyovikataa hapa chini vinavumilika.

Vitambaa vinne vilivyoko dukani

Ukienda Kariakoo kutafuta kitambaa cha suti, kwa kweli unachagua kati ya vinne. Kuna mchanganyiko wa poliesta na viskosi, ambao wauzaji wengi huuita TR. Kuna sufu, halisi au iliyochanganywa. Kuna kitani, na kuna pamba nzito ya aina ya kaki au drili.

Watu husikia sufu wakafikiria sweta la Mbeya. Nyuzi za sufu, hata hivyo, ndizo zinazoshika unyevu mwingi kuliko zote nne. Katika hewa ya kawaida sufu hubeba maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake, kitani kama 12, pamba kama 8, na poliesta haifiki hata 1. Zaidi ya hapo, sufu inaweza kuendelea kunywa hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imeloa. Kwa mtu wa ofisini maana yake ni kwamba mvuke wa mwili unaingia ndani ya uzi wenyewe, na mtu anayekutazama haoni kitu.

Poliesta inafanya kinyume. Kwa kuwa uzi wake haunywi, jasho linakaa katikati ya ngozi na nguo, nguo inanata, na harufu inabaki kwenye mafuta yaliyoganda juu ya nyuzi. Ndiyo maana suruali ya poliesta iliyofuliwa jana, ikipata joto la mwili leo, hutoa harufu ya juzi. TR inapunguza hilo kwa sababu viskosi iliyomo ndani yake inakunywa jasho. Mchanganyiko wa poliesta 65 kwa viskosi 35 ndio wa kawaida, na viskosi ikizidi hapo kitambaa kinapumua kidogo zaidi. Sifa kubwa ya TR ni mbili: inakunjamana kidogo, na unaifua nyumbani. Hizo si sifa ndogo, na nitazirudia kwenye kaunda suti.

Kitani ndicho baridi kuliko vyote mwilini. Shida yake ni mikunjo, na hilo halina dawa: kitani hukunjamana. Ila kuna kosa moja linalozidisha mambo, nalo ni kununua kitani chepesi sana kwa kudhani kitakuwa cha baridi zaidi. Kitani chepesi hupata mikunjo midogo mikali kama karatasi iliyofinywa. Kizito, cha gramu 310 hivi kwa mita ya upana wa sentimita 150, hupata mikunjo mipana, milaini, inayoonekana ya makusudi. Kwa meneja wa hoteli Nungwi au mtu wa shirika, hiyo ni suti nzuri sana. Kwa mtu wa benki au wa mahakamani, hapana.

Na pamba? Hii huwashangaza wengi: kwa suti, pamba nzito ndiyo naipendekeza mwisho. Inakunywa jasho vizuri lakini haiachi upesi. Magoti yanatoka nje ifikapo saa sita. Mbaya zaidi, ikikauka inaacha mistari myeupe ya chumvi, mgongoni chini ya ukosi na nyuma ya magoti. Kwenye kaki ya rangi ya mchanga haionekani sana. Kwenye bluu iliyoiva au nyeusi inaonekana toka mlangoni.

| Kitambaa | Jasho la mchana | Saa kumi jioni | Kukisafisha |
|---|---|---|---|
| Sufu nyepesi | Linaingia ndani ya uzi, halionekani | Imenyooka, mikunjo huachia usiku | Drai klini, si kila wiki |
| TR | Inanata kidogo, harufu hubaki | Imenyooka | Nyumbani |
| Kitani kizito | Baridi kuliko vyote | Imekunjamana kwa upana | Nyumbani kwa uangalifu, pasi ya moto |
| Pamba nzito | Inaloa na kukaa imeloa | Magoti yametoka, chumvi inaonekana | Nyumbani |

Sufu ipi, maana si zote

Sufu nzito ya majira ya baridi ya Ulaya itakutesa. Inayofaa huku ina mambo mawili. Kwanza uzito: gramu 240 hadi 280 kwa mita ya upana wa sentimita 150. Pili, na hili lina nguvu kuliko uzito, ufumaji. Utafute ule wa uzi mmoja juu, mmoja chini, kwa nyuzi zilizosokotwa sana. Uzi uliosokotwa sana ni mwembamba na mkavu, kwa hiyo katikati yake panabaki matundu. Ufumaji wa mshazari, ule wenye vimistari vya upande, hubana nyuzi pamoja na kufunga hayo matundu, hata kitambaa kikiwa chepesi.

Dukani huhitaji mizani. Kinyanyue kitambaa kuelekea mlangoni kwenye mwanga: ukiona vidoa vya mwanga vimejipanga sawasawa, kinapitisha hewa. Kisha weka mdomo juu yake na kiganja nyuma, upulize. Pumzi ikifika kiganjani kwa urahisi, hewa ya mtaani nayo itafika mwilini. Mwisho kifinye ngumini ukihesabu hadi kumi, ukiachie. Sufu nzuri inafunguka yenyewe mbele ya macho yako.

Usidanganywe na namba. "Supa 120" au "Supa 150" inaeleza wembamba wa nyuzi za sufu, haielezi ubaridi. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi, kinakunjamana zaidi, na kinachakaa mapema kati ya mapaja. Kwa kazi ya kila siku Supa 100 au 110 inatosha kabisa. Na maandishi hayo ya dhahabu kwenye ukingo wa kitambaa mara nyingi yamepigwa juu ya TR tupu. Omba nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, uziunguze kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Ukipata harufu ya nywele pamoja na punje, basi ni mchanganyiko, nao si lazima uukatae: sufu nusu kwa poliesta nusu bado ni bora kuliko TR, ilimradi bei iwe ya mchanganyiko.

Bitana: hapa ndipo panapoamua

Chukua sufu ile nzuri inayopitisha pumzi. Ishonee bitana nzima ya poliesta. Sasa ipulize tena. Pumzi haipiti. Hela yote uliyolipia ufumaji imezibwa na kitambaa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye koti.

Kuna maamuzi mawili ya kufanya, na watu huyachanganya. La kwanza ni bitana ifike wapi. Bitana nzima inafunika ndani yote. Nusu bitana inafunika mbele na mabega, mgongo unaachwa wazi kuanzia chini ya mabapa ya bega. Mikono hubaki na bitana siku zote, la sivyo shati litakwama na utavaa koti kwa kupigana nalo. Pale juu mgongoni pia ibaki, kama sentimita 25 chini ya ukosi, kwa sababu ndipo shati linapoloa kwanza na hutaki jasho liguse sufu moja kwa moja.

La pili ni bitana ya nini. Poliesta haimfai mvaaji anayetoka jasho, ingawa yenyewe haichaniki. Viskosi inakunywa jasho na inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya cherehani. Iliyo bora kuliko zote ni kupro, ambayo hutengenezwa kutokana na nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba, lakini hiyo utaipata zaidi ndani ya makoti ya mtumba ya bei ya juu kuliko kwenye duka la mtaani. Ukiwa na hela ya kubadilisha kitu kimoja tu, punguza bitana kabla ya kubadilisha aina yake. Nusu bitana ya poliesta ni baridi kuliko bitana nzima ya viskosi.

Wateja hudhani nusu bitana ni kubana matumizi, kwa hiyo wanategemea punguzo. Kazi yake ni kubwa zaidi. Bitana nzima huficha mishono. Ukiiondoa, kila mshono wa mgongoni unaonekana, na lazima ufungiwe kwa utepe badala ya kupigwa ovaloki tu. Fundi akikubali haraka haraka na kwa bei ileile, mwombe akuonyeshe koti alilowahi kulishona hivyo, uligeuze ndani nje.

Kuna tatizo jingine halionekani dukani. Mbele ya koti, kati ya kitambaa na bitana, kuna kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo la kifua. Kwenye makoti ya bei ya chini kinagandishwa kwa gundi. Joto, mvuke wa pasi na jasho vikikutana mwaka mzima, gundi inaachia, na kifuani panatokea malengelenge madogo ambayo hakuna pasi inayoyatoa. Bana kitambaa cha mbele kwa vidole, karibu na kifungo, ukivute kidogo: ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, limeshonwa, halijagandishwa.

Koti moja la mtumba, hatua kwa hatua

Ofisa mikopo mmoja alikuja akiwa na TR ya bluu iliyoiva, mpya, mita 3 na robo, pamoja na koti na suruali ya mtumba kutoka Karume aliyopewa na shemeji yake. Alitaka nishone ile TR. Suti ya mtumba alitaka ushauri tu.

"Fundi, hii ya mtumba si ya baridi? Naona kama itanichoma."

"Kaka, kinachochoma ni kilichomo ndani. Tuifungue kwanza."

Kwa nje ilikuwa sufu tupu, ufumaji wa moja juu moja chini, rangi ya kijivu ya wastani. Uzi wa pindoni uliungua kwa harufu ya nywele bila punje. Ndani ilikuwa na bitana nzima ya poliesta. Nilifumua pindo la bitana mgongoni, nikaingiza mkono, nikainua mgongo wa koti kwenye dirisha. Mwanga ulipita. Kama usingepita, ningemwambia ampe mtu anayekwenda Iringa.

Bitana ya mgongo niliikata sentimita 25 chini ya ukosi, nikaipinda na kuishona kwa mashine, ikaning'inia huru bila kushikizwa kwenye sufu, ili koti lisivute. Mishono mitatu ya mgongoni niliifungia kwa utepe wa viskosi uliokatwa kwa mshazari. Bitana ya mbele niliiacha kwa sababu ndiyo inayobeba mifuko ya ndani. Ya mikono niliitoa, nikaweka ya viskosi. Kazi iliyochosha ilikuwa mipasuo miwili ya nyuma. Bitana ndiyo iliyokuwa inashikilia kingo zake. Ilipotoka, kingo zikataka kujikunja, ikabidi zishikizwe kwa mkono, pindo kwa pindo.

Ile TR hatukuitupa. Tulishona suruali mbili bila koti. Suruali inavaliwa kutwa nzima na kufuliwa mara nyingi. Koti linavaliwa kwenye kikao na kuning'inizwa kwenye kiti. Bluu iliyoiva na kijivu vinakubaliana, na kwa siku za kawaida akawa na kitu cha kufua nyumbani bila kugusa sufu. Mimi ningependa watu wengi zaidi wafikirie hivi, badala ya suti tatu za TR zenye bitana nzima ambazo makoti yake hayavaliwi.

Kwa suruali ya sufu, bitana ya mbele hadi gotini ibaki, ila iwe ya viskosi. Goti lenye jasho likigusa sufu moja kwa moja, kitambaa kinavutika na kubaki hivyo.

Shati ndilo linaloonekana

Koti likivuliwa, kila kitu kinahamia kwenye shati, na hapa rangi inashinda kitambaa. Bluu ya maji, ambayo kila ofisi inaipenda, ndiyo inayoonyesha jasho kuliko rangi zote za kawaida, ikishindwa na kijivu tu. Ikiloa inageuka rangi, na duara la kwapa linachoreka. Nyeupe haigeuki rangi, inaonyesha ngozi tu, na hilo linatibika kwa fulana ya ndani. Bluu iliyoiva huficha. Vidrafti vidogo na mistari myembamba nayo huficha, kwa kuwa jicho halipati ukingo wa alama.

Fulana ya ndani iwe na mikono. Singlendi inalinda kifua na mgongo, lakini kwapa, ambalo ndilo lilikuleta, inaliacha wazi. Na chini ya shati jeupe usivae fulana nyeupe kama ngozi yako ni nyeusi; mipaka yake itaonekana yote. Vaa ya kahawia inayokaribiana na ngozi.

Kati ya popilini na oksifodi, popilini ni nyepesi na inakauka mapema, oksifodi ni nene na haionyeshi mwili. Kwa nyeupe bila fulana, oksifodi. Kwa nyeupe na fulana, popilini. Mashati yanayotangazwa kwamba hayahitaji pasi ningeyaacha: pamba yake imepakwa dawa inayozuia mikunjo, na dawa hiyohiyo inapunguza uwezo wake wa kunywa jasho. Kwa dada wanaovaa koti na blauzi, ushauri ni uleule, ila blauzi ya satini ya poliesta ibadilishwe kwa ya viskosi; inadondoka vilevile na hainati.

Madoa ya manjano kwapani hayatokani na jasho peke yake. Ni chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho, zikikutana na jasho na kushikana na kitambaa. Dawa hiyo ipake, isubiri ikauke kabisa, ndipo uvae. Na doa likishatokea usilimwagie dawa ya klorini, maana manjano inakolea. Loweka sehemu hiyo kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kama nusu saa, kisha fua kawaida.

Kabla ya kuagiza, fikiria kaunda suti

Kama ofisi yako inairuhusu, kaunda suti inazishinda zote nilizozitaja. Haina tai, mikono ni mifupi, bitana haihitajiki, na tabaka la shati halipo. Uliza kwanza lakini, kwa sababu si kila mahali inakubalika: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Kenya.

Hapa pia ushauri wangu wa kitambaa unageuka. Kwa kuwa kaunda suti inagusa mwili moja kwa moja, kila ikivaliwa inafuliwa, na sufu haiwezi maisha hayo. Chukua TR yenye viskosi nyingi au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo, nyepesi, ya rangi ya kati: kijani cha majani makavu, kahawia, bluu ya moshi. Nyeusi iache, ukikumbuka ile mistari ya chumvi. Mwambie fundi tundu la kwapa lisiwe la kuning'inia wala la kubana, liache nafasi ya vidole viwili, na mgongo uwe na mpasuo ili ukikaa kwenye gari hewa ipite. Shonesha mbili kwa mpigo kutoka jora moja, ili moja ikiwa kwenye kamba, nyingine iwe mwilini.